Kuuza nje kwa mkataba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Konvensheni ya Vienna ya mauzo ya kimataifa

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wauzaji na waagizaji wa Moshi na Arusha hutuuliza tena na tena wanapoandikiana na wateja wa nje. Mfano mmoja utapita karibu kwenye ukurasa mzima. Kampuni ya Moshi inamuuzia mnunuzi wa Rotterdam tani 24 za maharage makavu, unyevu usiozidi asilimia 14, kwa euro 1,000 kwa tani, FOB Dar es Salaam, yaani muuzaji anakabidhi mzigo melini bandarini hapo, na malipo ni kwa hati ya mkopo ya benki, yaani ahadi ya benki kumlipa muuzaji akiwasilisha nyaraka za mzigo. Kampuni, tarehe na bei za mfano ni za kubuni. Sheria ni ya kweli.

## Je, inanihusu?

1. Konvensheni hii ni nini, na inagusa mauzo gani?

Ni mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliopitishwa Vienna tarehe 11 Aprili 1980 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Inagusa mauzo ya kibiashara kati ya pande ambazo ofisi zao ziko katika nchi mbili tofauti. Uraia wa wenye kampuni hauhesabiwi. Mtanzania mwenye kampuni Hamburg akinunua kutoka Moshi, hayo ni mauzo ya kimataifa.

Haigusi bidhaa zinazonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani, mnada, hisa, meli, ndege wala umeme. Haiamui pia kama mkataba ni batili kwa sababu ya rushwa au ulaghai, wala nani amekuwa mmiliki wa bidhaa. Mambo hayo yanabaki kwa sheria ya nchi husika. Inachopanga ni mambo mawili makubwa: mkataba unafungwaje, na kila upande una haki na wajibu gani, pamoja na nafuu mwenzake anapoteleza.

2. Tanzania haijajiunga. Kwa nini basi nijali?

Kwa sababu kuna milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza ni pale nchi zote mbili zinapokuwa wanachama, na huo kwetu umefungwa. Wa pili upo kwenye Ibara ya 1: Konvensheni inatumika pia pale kanuni za kuchagua sheria zinapoelekeza kwenye sheria ya nchi mwanachama. Uholanzi, Ujerumani, Italia, Japani na Uchina ni wanachama. Karibu nasi wapo Uganda, Burundi, Zambia na Rwanda. Uingereza na Kenya hawamo.

Mlango wa pili unafunguka kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Katika mahakama za Umoja wa Ulaya, kama mkataba haukutaja sheria yoyote, sheria inayotumika kwa kawaida ni ya nchi ya muuzaji. Kwa hiyo kampuni ya Moshi ikiuza maharage Rotterdam bila kutaja sheria, jaji wa Uholanzi ataangalia sheria ya Tanzania, na Konvensheni haimo. Lakini kampuni hiyohiyo ikinunua mashine ya kuchambua maharage kutoka Ujerumani bila kutaja sheria, muuzaji ni Mjerumani, na jaji wa huko ataingia moja kwa moja kwenye Konvensheni. Unapouza hauko ndani, unaponunua uko ndani, na hukusaini chochote kilichotamka neno Vienna.

3. Mkataba wetu unasema tu "sheria ya Uholanzi itatumika". Hiyo ina maana gani?

Ina maana Konvensheni inatumika. Katika nchi mwanachama, Konvensheni ni sehemu ya sheria ya nchi hiyo, na ndiyo sehemu inayoshughulikia mauzo ya kimataifa. Kutaja "sheria ya Uholanzi" hakuiondoi. Inaiingiza.

Ibara ya 6 inawaruhusu wahusika kuiondoa yote au kipande. Anayetaka kuiondoa aandike wazi kwamba Konvensheni ya Vienna ya mwaka 1980 haitatumika. Baadhi ya mikataba ya kawaida ya biashara ya mazao inaiondoa tayari kwa maneno yaliyochapishwa, kwa mfano ile ya GAFTA, chama cha kimataifa cha biashara ya nafaka na malisho, inayotumiwa sana kwenye nafaka na mikunde. Soma ukurasa wa nyuma kabla ya kudhani uko ndani au nje. Katika majibu yanayofuata tunachukulia kwamba mkataba wa Moshi na Rotterdam umetaja sheria ya Uholanzi na kuishia hapo.

## Mkataba unafungwa lini

4. Tunaandikiana kwa baruapepe na WhatsApp, hatusaini karatasi. Je, kuna mkataba?

Unaweza kuwepo. Ibara ya 11 haidai maandishi, saini wala muhuri, na mkataba unaweza kuthibitishwa hata kwa mashahidi. Baadhi ya nchi zimeweka masharti ya kudai maandishi, ila Uholanzi si mojawapo.

Kinachotakiwa ni ofa iliyo wazi na kukubaliwa kwake. Ofa iko wazi kama inamlenga mtu fulani, inataja bidhaa, na inaweka kiasi na bei au njia ya kuvipata, huku ikionyesha nia ya kufungwa nayo. Orodha ya bei uliyotuma kwa wanunuzi kumi na watano kwa mpigo kwa kawaida ni mwaliko tu. Ujumbe wa "tani 24, unyevu asilimia 14, euro 1,000 kwa tani, FOB Dar es Salaam, tujibu kabla ya tarehe 14 Machi" ni ofa kamili, hata kama umeandikwa kwa simu ukiwa stendi.

Kukubali kunafanya kazi pale kunapomfikia mtoa ofa. Hapa waliozoea sheria yetu wawe makini. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, mtoa ofa anafungwa mara mwenzake anapotuma jibu la kukubali, hata kama halijafika. Chini ya Konvensheni, jibu lililopotea njiani halijafunga mkataba. Kufika hakudai kusomwa. Jibu likifikishwa kwako binafsi, ofisini kwako au kwenye anwani yako ya barua, limefika, na kwa baruapepe hiyo ni kuingia kwenye sanduku lako, hata kama hukulifungua kwa wiki nzima.

5. Nimetoa ofa, kesho yake bei imepanda sokoni. Naweza kuiondoa?

Kwa kawaida ndiyo, mradi taarifa ya kuiondoa imfikie mnunuzi kabla hajatuma jibu la kukubali. Ila kama ofa yako imeweka muda wa kujibu kwa namna inayoonyesha kwamba hutaiondoa, au kama mnunuzi ameitegemea kwa haki na kuanza kutenda, umefungwa (Ibara ya 16). Maneno "ofa hii inasimama hadi tarehe 14 Machi" yanatosha kukufunga, hata kama mnunuzi hajalipa kitu ili ofa ibaki wazi. Ukitaka uhuru, andika "bei inaweza kubadilika hadi tutakapothibitisha". Hiyo si ofa tena, na mnunuzi akijibu "nimekubali", yeye ndiye anayetoa ofa.

6. Mnunuzi amejibu "tumekubali, ila malipo siku 60 baada ya kupokea mzigo". Tumefunga mkataba?

Hapana. Chini ya Ibara ya 19, jibu linaloongeza au kubadilisha sharti ni kukataa, na papo hapo ni ofa mpya. Kuna msamaha kwa mabadiliko madogo yasiyogusa kiini, ambayo yanaingia kwenye mkataba kama mtoa ofa hakuyapinga bila kuchelewa. Lakini Ibara hiyohiyo inahesabu kama makubwa mabadiliko ya bei, malipo, ubora na kiasi, mahali na wakati wa kukabidhi, ukubwa wa dhima, na namna ya kutatua migogoro. Ukitafakari, hakibaki kingi.

Tufuate tarehe. Moshi ilituma ofa tarehe 3 Machi, ikisema inasimama hadi tarehe 14. Tarehe 7 Rotterdam ikajibu kwa sharti la siku 60. Tarehe 10, baada ya kusikia bei inapanda, Rotterdam ikaandika: "Basi, tunakubali masharti yenu ya awali." Wengi watasema mkataba umefungwa, kwa kuwa tarehe 14 haijafika. Haujafungwa. Jibu la tarehe 7 liliiua ofa ya kwanza mara lilipofika Moshi, hata kama ofa hiyo haikuweza kuondolewa na mtoaji (Ibara ya 17). Ujumbe wa tarehe 10 ni ofa mpya kutoka Rotterdam, na Moshi ina hiari ya kukubali au kudai bei kubwa zaidi. Katika mfano wetu Moshi ilijibu "sawa" tarehe 11, na jibu likafika siku hiyo. Hapo ndipo mkataba ulipofungwa, na hati ya mkopo ikapangwa kufunguliwa ifikapo tarehe 1 Aprili.

7. Mnunuzi ametuma oda yenye ukurasa mzima wa masharti yake. Sisi tulituma ankara yenye masharti yetu. Ya nani yanashinda?

Hili halina jibu moja, na anayekuambia linalo anakurahisishia mno. Msimamo mmoja unasema karatasi ya mwisho ndiyo inayoshinda: masharti mapya ni ofa mpya, na aliyepakia mzigo baada ya kuyapokea ameyakubali kwa vitendo. Msimamo wa pili unasema masharti yanayogongana yanafutana, na nafasi yake inajazwa na Konvensheni. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilielekea msimamo huo wa pili katika kesi ya maziwa ya unga ya mwaka 2002.

Msimamo upi utashinda kwenye kesi yako ni vigumu kutabiri, kwa hiyo usipakie mzigo kabla ya kujibu karatasi ya mwenzako. Sentensi moja inatosha: "Masharti yaliyo nyuma ya oda yenu hatuyakubali; mkataba ni ule wa tarehe 11 Machi." Mkataba ukishafungwa, hauwezi kubadilishwa na karatasi ya upande mmoja. Ukiwa umekubaliwa na pande zote mbili, unaweza kubadilishwa kwa makubaliano tu, bila kulipana chochote cha ziada (Ibara ya 29).

8. Sikujibu kabisa. Ukimya wangu ni kukubali?

Peke yake, si kukubali (Ibara ya 18). Lakini kama kwa miaka mitatu umekuwa ukipokea oda za mnunuzi huyo na kupakia bila kujibu, mazoea hayo yanawafunga ninyi wawili (Ibara ya 9). Siku usiyotaka kupakia, mwambie.

## Mwenzangu amevunja mkataba

9. Tarehe ya kufungua hati ya mkopo imepita, mnunuzi yuko kimya, na maharage yamejaa ghala. Naweza kumuuzia mwingine?

Bado, na hapa ndipo wauzaji wengi wazuri hupoteza kesi zao. Konvensheni inajitahidi sana kuuweka mkataba hai. Mizigo imeshasafiri maelfu ya kilomita, kwa hiyo inaona ni hasara kubwa kuuvunja kwa kila kosa. Kutengua mkataba, yaani kuufuta na kila mmoja kuondolewa majukumu yake, kunaruhusiwa kwa njia mbili tu.

Njia ya kwanza ni uvunjaji wa msingi. Ibara ya 25 inausema hivi: mwenzako amekunyima kwa kiasi kikubwa kile ulichokuwa na haki ya kukitegemea kutoka kwenye mkataba, na mtu mwenye busara katika nafasi yake angeliona hilo likija. Kuchelewa siku moja kufungua hati kwa kawaida hakufikii kipimo hiki.

Njia ya pili ndiyo tunayoshauri kwa ucheleweshaji: barua ya muda wa ziada. Kulipa kunahusisha pia hatua za kuwezesha malipo, ikiwemo kufungua hati ya mkopo (Ibara ya 54). Chini ya Ibara ya 63 muuzaji anaweza kuweka muda wa ziada ulio wa kiasi. Muda ukipita bila hati kufunguliwa, au mnunuzi akisema hataifungua, Ibara ya 64 inampa muuzaji haki ya kutengua bila kubishana kama kosa lilikuwa la msingi. Mnunuzi ana njia kama hiyo dhidi ya muuzaji asiyekabidhi (Ibara ya 47 na 49).

Moshi iliandika hivi tarehe 2 Aprili: "Hati ya mkopo ilipaswa kufunguliwa ifikapo tarehe 1 Aprili. Haijafunguliwa. Tunawapa muda hadi tarehe 15 Aprili. Isipofunguliwa kufikia siku hiyo tutautengua mkataba na kudai fidia." Barua nzuri ina tarehe moja kamili na dai moja. "Tafadhali fungueni haraka iwezekanavyo" haina tarehe, kwa hiyo haiweki muda wowote. Muda wenyewe uwe wa kiasi, maana siku mbili kwa benki ya Ulaya ni kejeli, na jaji anaweza kuupuuza. Ndani ya muda huo huwezi kutengua wala kumuuzia mwingine mzigo uleule, isipokuwa mnunuzi amekuandikia kwamba hatafungua. Fidia ya ucheleweshaji haipotei.

Tarehe 16 Aprili ikifika bila hati, kazi haijaisha. Kutengua kunahitaji taarifa kwa mwenzako (Ibara ya 26). Bila taarifa mkataba bado upo, na ukiuza unakuwa wewe mvunjaji. Moshi ilituma taarifa tarehe 16, kisha ikaanza kutafuta mnunuzi.

10. Nimetengua na nimeuza kwa bei ya chini. Nadai nini?

Kanuni ya msingi ni Ibara ya 74: hasara uliyopata, pamoja na faida uliyokosa, mradi mvunjaji aliiona au alipaswa kuiona wakati wa kufunga mkataba kama matokeo yanayowezekana. Ukitengua na kuuza tena kwa njia na muda wa kiasi, Ibara ya 75 inakupa tofauti ya bei.

Moshi iliuza tani 24 kwa euro 850. Tofauti ni euro 150 kwa tani, jumla euro 3,600. Ghala kwa wiki za kusubiri na gharama za benki ziliongeza euro 400, na dai likafika euro 4,000. Kama mnunuzi wa pili angechukua mzigo ghalani Moshi, gharama za kusafirisha hadi bandarini zingekuwa zimeokolewa na kupunguzwa kwenye dai.

Kama hukuuza tena, unaweza kudai tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko siku ya kutengua (Ibara ya 76). Katika njia zote, Ibara ya 77 inakudai upunguze hasara. Ukiacha maharage yaliwe na wadudu kwa miezi minne huku mnunuzi mwingine akibisha hodi, sehemu hiyo ya hasara ni yako. Riba inadaiwa pia (Ibara ya 78), ila Konvensheni haikuweka kiwango, kwa hiyo kiwekeni kwenye mkataba.

11. Mzigo umefika, mnunuzi analalamika kuhusu ubora. Ana muda gani wa kulalamika?

Sasa tubadilishe mfano: hati ilifunguliwa, mzigo ukapakiwa. Kontena lilipofunguliwa Rotterdam, unyevu ulikuwa asilimia 17 na baadhi ya magunia yalikuwa na ukungu.

Mnunuzi lazima akague ndani ya muda mfupi kadiri mazingira yanavyoruhusu. Mzigo ukisafirishwa, ukaguzi unaweza kusubiri ufike (Ibara ya 38). Kisha atoe taarifa ndani ya muda wa kiasi tangu alipogundua au alipopaswa kugundua, akitaja aina ya kasoro (Ibara ya 39). Asipofanya hivyo, anapoteza haki ya kuitegemea kasoro hiyo. Muda wa kiasi haukuwekwa kwa siku. Kwa mazao yanayoharibika ni siku chache, na kwa mashine unaweza kufika wiki kadhaa. Kwa maharage yenye ukungu, anayesubiri mwezi na nusu anajitafutia matatizo. Ukomo wa mwisho kabisa ni miaka miwili tangu alipokabidhiwa bidhaa, isipokuwa kama waranti ya mkataba inasema vingine.

"Mzigo ni mbaya, hatujaridhika" si taarifa. "Magunia yaliyopimwa yana unyevu wa asilimia 17 dhidi ya 14 ya mkataba, ukungu unaonekana, ripoti imeambatishwa" ni taarifa. Muuzaji, nawe usipumzike sana kwa sababu mnunuzi amechelewa. Kama ulijua kasoro na ukanyamaza, huwezi kujificha nyuma ya ucheleweshaji wake (Ibara ya 40).

12. Je, anaweza kukataa kontena zima na kudai pesa zake zote?

Ni vigumu kwake kuliko anavyofikiri. Kwa sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, kukiuka sharti kuu kunaweza kumpa mnunuzi haki ya kukataa mzigo. Chini ya Konvensheni, kasoro ya ubora lazima ifikie uvunjaji wa msingi, na barua ya muda wa ziada ya swali la 9 haisaidii hapa. Kwa mnunuzi, muda wa ziada unafungua mlango wa kutengua pale tu mzigo usipokabidhiwa, na maharage mabovu yaliyokabidhiwa yamekabidhiwa.

Kipimo kinachotumika sana ni kama bidhaa bado zinaweza kuuzwa au kutumika kwa njia ya kawaida, hata kwa bei ya chini. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilionyesha ukali huo mwaka 1996 katika kesi ya kobalti salfeti. Bidhaa ilipaswa kuwa ya asili ya Uingereza, ikaletwa ya Afrika Kusini, na bado mnunuzi hakuruhusiwa kutengua, kwa kuwa hakuonyesha kwamba asingeweza kuitumia au kuiuza kwingine. Maharage ya asilimia 17 yanayoweza kukaushwa tena na kuchambuliwa yana soko. Maharage ambayo mamlaka za chakula zimeamuru yaharibiwe hayana.

Muuzaji ana silaha nyingine: anaweza kurekebisha kasoro kwa gharama zake hata baada ya tarehe ya kukabidhi, kama haileti usumbufu usio wa kiasi (Ibara ya 48). Kujitolea kulipia ukaushaji upya Rotterdam, kwa maandishi na kwa tarehe, kunaweza kuzuia mgogoro usikue. Na mnunuzi anayetaka kutengua lazima aweze kurudisha bidhaa karibu katika hali aliyozipokea, isipokuwa kuna sababu zinazotajwa katika Ibara ya 82.

13. Kama hawezi kukataa, anapata nini?

Anaweza kudai fidia, na pia kupunguza bei mwenyewe (Ibara ya 50). Hesabu ya punguzo inakanganya, kwa sababu haikati tofauti ya thamani moja kwa moja. Inapunguza bei kwa uwiano wa thamani ya mzigo uliokuja na thamani ya mzigo ambao ungekuwa sawa, zote wakati wa kukabidhi:

```
bei mpya = bei ya mkataba × (thamani ya mzigo uliokuja ÷ thamani ya mzigo sahihi)
```

Tuseme wakati huo maharage sahihi yalikuwa na thamani ya euro 1,100 kwa tani, na yale yaliyokuja 660. Uwiano ni 0.6. Bei ya 1,000 inakuwa 600, na mzigo wote unalipwa euro 14,400 badala ya 24,000. Punguzo ni euro 9,600. Kwa njia ya fidia mnunuzi angedai tofauti ya 440 kwa tani, yaani 10,560. Soko lilipanda, kwa hiyo fidia inamfaa zaidi. Soko likishuka, punguzo humfaa zaidi. Faida nyingine ya punguzo ni kwamba halizuiwi hata muuzaji akiwa na udhuru wa swali la 16. Muuzaji, likatae punguzo mapema kwa maandishi kama ulikuwa tayari kurekebisha na mnunuzi akakuzuia, maana hapo haki yake ya punguzo inapotea.

14. Unyevu uliingia baharini. Kwa nini nilipie mimi?

Kama kweli uliingia baharini, pengine hulipi. Katika FOB hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo unapowekwa melini, na muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyokuwepo wakati huo, hata kama ilionekana baadaye (Ibara ya 36). Jasho la kontena safarini ni la mnunuzi. Maharage yaliyopakiwa yakiwa tayari na unyevu mwingi ni ya muuzaji, na hata yale yaliyopakiwa sawasawa yanaweza kumrudia muuzaji kama ufungashaji wake haukufaa safari.

Kila kitu kinategemea ushahidi wa siku ya kupakia. Cheti cha mkaguzi huru chenye kipimo cha unyevu, nambari ya kontena na tarehe kina uzito kuliko barua kumi za baadaye. Weka pia sampuli iliyofungwa kwa lakiri. Kwa makontena tunashauri FCA, ambapo hatari inahamia mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji, badala ya FOB. Kontena hukabidhiwa yadi siku kadhaa kabla ya meli, na kwa FOB siku hizo zote hatari bado ni yako.

15. Mnunuzi anasema mabaki ya dawa yamezidi kiwango cha nchi yake, na mkataba haukusema lolote. Nimevunja mkataba?

Kwa kawaida muuzaji hatarajiwi kujua kanuni za umma za nchi ya mnunuzi. Kesi inayotajwa kila mara ni ya Ujerumani ya mwaka 1995 kuhusu kome wa New Zealand wenye kadmiamu juu ya kiwango kilichopendekezwa huko, na muuzaji wa Uswisi alishinda. Ila kuna tofauti: kama kanuni ni sawa na ya kwenu, kama mnunuzi alikuelekeza, au kama hali maalumu, kwa mfano kuwa na tawi huko, zinaonyesha ulijua. Muuzaji wa Arusha ambaye amekuwa akipeleka maharage Ulaya kwa miaka, na vyeti vyake vinataja viwango vya huko, asitegemee kesi hii kumwokoa.

## Mambo ya pembeni

16. Serikali imezuia kuuza nje ghafla. Nitalipa fidia?

Ibara ya 79 inamwondolea fidia anayeshindwa kwa kizuizi kilicho nje ya uwezo wake, ambacho hakutarajiwa kukifikiria wakati wa kufunga mkataba wala kukiepuka. Zuio jipya la serikali linaweza kufaa. Zuio lililokuwa tayari likizungumzwa magazetini siku ulipotia saini ni vigumu kufaa. Bei kupanda na mavuno kuwa haba mara nyingi havitoshi, kwa kuwa mahakama zinaona hiyo ni hatari ya biashara. Lazima umjulishe mwenzako ndani ya muda wa kiasi, la sivyo utalipia hasara ya kutojulishwa. Na udhuru unaondoa fidia tu, mnunuzi akibaki na haki zake nyingine, ikiwemo kutengua.

17. Kesi ikifunguliwa Moshi au Arusha, jaji ataitumia Konvensheni?

Jaji wa Tanzania hafungwi nayo kama mkataba wa kimataifa, kwa kuwa hatujajiunga. Inaingia kama sehemu ya sheria ya kigeni mliyoichagua, na sheria ya kigeni mahakamani kwetu huthibitishwa kwa ushahidi wa wataalamu. Hilo lina gharama na linachukua muda. Ndiyo maana mikataba ya aina hii huwekewa usuluhishi. Tanzania imo katika Konvensheni ya New York ya mwaka 1958, na Uholanzi pia, kwa hiyo tuzo ya msuluhishi ina njia ya kutekelezwa pande zote mbili.

Konvensheni haisemi lolote kuhusu ukomo wa muda wa kufungua kesi. Ile miaka miwili ya swali la 11 ni ya kutoa taarifa ya kasoro, na ukomo wa kesi unafuata sheria ya nchi inayotumika. Muulize wakili tarehe hiyo wiki ileile mgogoro unapoanza.